Picha Ile Ile, Namba Nyingine

“Mwenye moyo wa kutoa haulizi maswali. Mtoto anaumwa, tuma ulicho nacho, mengine mwachie Mungu.”

Maneno hayo aliyaandika mzee mmoja katika kikundi chetu cha wafanyabiashara wa Busia, siku nilipoomba tusubiri kidogo kabla ya kuchanga. Picha ilikuwa ya mtoto mchanga mwenye maji kichwani, amelazwa juu ya kitenge cha manjano chenye maua ya bluu. Chini yake iliandikwa kwamba anatakiwa kuwekewa mrija huko Mbale, kwamba mama yake ni mjane, na namba ya kupokelea pesa.

Mzee yule namheshimu, na hoja yake ina uzito. Maporomoko ya ardhi ya Bulambuli, mashariki mwa Uganda, ya Novemba 2024 yalipofukia nyumba, walionusurika walihitaji turubai na chakula asubuhi ile ile. Halafu kuna fedheha: mama aliyekwisha kuuza mbuzi wake wote anaulizwa athibitishe kwamba mgonjwa ni mwanawe. Wapo pia wanaoazima picha kwa nia njema. Familia haitaki uso wa mtoto wao uzagae, basi jamaa anachukua wa mtoto mwingine ili watu waelewe ugonjwa ni upi. Shida ni ya kweli, picha tu ndiyo ya kuazima.

Lakini uso huo wa kuazima nao una mwenyewe. Tetemeko la Nepal lilipotokea Aprili 2015, ilisambaa picha ya mvulana mdogo amemkumbatia dada yake, ikielezwa kuwa ni wahanga wa tetemeko, na watu wakaitumia kuomba michango. Aliyeipiga ni Na Son Nguyen, mpigapicha wa Vietnam, mwaka 2007, katika mkoa wa Ha Giang nchini kwake. Wazazi wa watoto wale walikuwa shambani. Msichana alishtuka kumwona mgeni akaanza kulia, na kaka yake akamkumbatia kumtuliza. Kabla ya kufika Nepal, picha hiyo ilikuwa imekwisha kupita kama ya yatima wa Burma na ya wahanga wa vita vya Syria. Kwa miaka watoto wawili wenye wazazi wao wanazikwa na kufufuliwa na watu wasiowajua.

Kisa cha Nepal kilikuwa chepesi kwa kuwa mwenye picha alijitokeza. Kwa mtoto mgonjwa wa huku kwetu kazi huwa ngumu zaidi, na hapo ndipo watu wengi wanaojua kutafuta picha hukosea.

Tuliihifadhi picha yenyewe, si skrinshoti yake, tukakata sehemu yenye maandishi na namba, kwa sababu maandishi huupotosha utafutaji. Tukaipitisha kwenye Google Lens, chombo kinachotafuta mtandaoni mahali pengine picha ilipowekwa. Zikatoka picha nyingi za watoto wenye vichwa vikubwa, na mwenzetu mmoja akapaza sauti kwamba tumemkamata mwizi, mtoto huyu ni wa nchi nyingine. Hakuwa yeye. Lens huleta picha iliyo ile ile pamoja na zinazofanana tu, na ugonjwa huu huwafananisha watoto: paji la uso hutokeza, macho hutazama chini na weupe huonekana juu ya mboni. Ukiangalia uso utadanganyika. Sisi tuliangalia kitenge, ua moja lililokunjwa karibu na bega la kushoto. Vitu vya pembeni ndivyo vinavyotambulisha picha, kama mkunjo wa shuka au doa ukutani.

TinEye, tovuti nyingine ya kutafutia picha, haikuleta chochote. Kwa picha ya zamani ni chombo kizuri, maana hutafuta picha yenyewe na si sura zinazofanana, na ukichagua Oldest hukupangia kuanzia ile iliyoikuta mapema zaidi. Tarehe inayoonyesha, hata hivyo, ni ya siku TinEye ilipoikuta, na picha huenda ilikuwapo kabla. Picha inayozunguka ndani ya WhatsApp pekee haiwezi kuiona kabisa. Kwa hiyo kutopatikana hakumaanishi kwamba picha ni safi.

Tulipoteremka zaidi kwenye majibu ya Lens tukakuta kitenge kile kile, na ua lile lile limekunjwa vile vile, kwenye ukurasa wa wazi wa Facebook. Picha ilikuwa imewekwa wiki tatu kabla ya ile yetu, na namba ya simu ilikuwa nyingine. Ile ya Facebook ilikuwa pana: ulionekana ukingo wa kitanda na mkono wa mwanamke wenye bangili. Yetu ilikuwa imekatwa. Jambo hili lina msaada mkubwa, kwa kuwa anayekopi anaweza kupunguza picha lakini ni vigumu kurudisha kilichokatwa. Nakala pana na yenye mng'ao zaidi kwa kawaida ndiyo iliyo karibu na chanzo.

Nusu ya kikundi ikaamua kwamba basi wote wawili ni matapeli. Jambo hili linaniuma kuliko pesa yoyote inayoibwa. Mwizi akichukua picha ya mama na kubadilisha namba, mama naye anageuka mtuhumiwa. Kila anayepekua anakuta maombi mawili yenye mtoto mmoja, anatikisa kichwa na kufunga simu. Mwizi ataokota mtoto mwingine kesho, mama anaye huyo huyo mmoja. Wanaodhani kwamba kuuliza ni roho mbaya wasimame hapa kidogo: ni nani mwingine atakayemtenganisha mama huyu na mwizi, kama si mtu aliyeuliza swali la pili?

Swali la pili lilikuwa la namba. Ukianza kutuma pesa kwa simu, jina la mwenye laini hutokea kabla hujaweka namba ya siri, na hapo unaweza kuacha. Namba ya kikundini kwetu ilikuwa ya mwanamume, ile ya Facebook ya mwanamke. Hilo peke yake halikutosha, kwa kuwa vijijini wengi hutumia laini ya ndugu. Tukazipigia zote mbili na kuomba jina la wadi na barua ya hospitali ya makadirio ya gharama. Hatukuomba picha nyingine ya mtoto. Mwanamume alisema atarudi kwetu, kisha laini ikazimwa.

Mwanamke alituma barua. Hatukuiamini barua peke yake pia. Tulipiga hospitalini kwa namba tuliyoitafuta wenyewe, wala hatukuuliza hali ya mgonjwa, kwa sababu sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya ulinzi wa taarifa binafsi inawabana, na ni haki. Tuliuliza tu kama tunaweza kulipa moja kwa moja kwa mhasibu kwa jina hili na namba hii ya mgonjwa. Wakakubali.

Kazi yote hiyo ilichukua mchana mmoja. Mama alituambia kwamba siku za mwanzo simu yake ilikuwa ikiita mara kwa mara, kisha ikanyamaza ghafla, na hakujua sababu mpaka tulipomwonyesha picha ya mwanawe ikiwa na namba asiyoijua. Aliyepanda taksi kwenda Mbale na pesa zetu ni mzee yule yule. Alirudi jioni na risiti ya mhasibu, akaipiga picha na kuituma kikundini, na jina la mtoto alikuwa amelifunika kwa kidole gumba.