Tupunguze fomu za ridhaa, tupunguze na safu za Excel

Chini ya fomu nyingi za ofisi za mitaa huwa kuna sentensi ya herufi ndogo inayofanana na hii: "Nakubali taarifa zangu zitumike kwa shughuli yoyote ya serikali na wadau wake." Mbele yake pana mstari wa kutia sahihi. Mtu amekuja kusajili kiwanja au kuandikisha mtoto, foleni ni ndefu, anasaini. Karani anagonga mhuri, na kuanzia hapo ofisi nzima inaamini imepewa ruhusa ya kila kitu.

Mimi ningeifuta sentensi hiyo leo. Ridhaa ni ridhaa pale tu mtu anapoweza kukataa asipoteze kitu, na akikubali leo aweze kubadili mawazo kesho. Sasa mwenye kiwanja aje aseme ameondoa ridhaa yake, jina lake lifutwe kwenye rejista ya ardhi. Litafutwa? Haliwezi kufutwa, wala halipaswi, kwa sababu ofisi inalitunza kwa kuwa sheria imeiagiza kutunza rejista. Sahihi yake haikuongeza chochote. Tulimwomba ruhusa ambayo hakuwa na uwezo wa kuinyima.

Sheria zenyewe zinalijua jambo hili. Ile ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, inayojulikana kama GDPR na iliyoanza kutumika mwaka 2018, inasema wazi katika maelezo yake ya utangulizi kwamba ridhaa ni msingi dhaifu pale mamlaka ya umma inaposhughulika na raia, kwa kuwa nguvu zao hazilingani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 30, inaihesabu ridhaa kuwa msingi mmoja tu kati ya kadhaa. Wajibu wa kisheria na kazi ya mamlaka ya umma vinasimama peke yao. Kwa hiyo ofisi ya mtaa inayotunza daftari la wakazi haihitaji kumsainisha mtu. Inahitaji kumwambia: taarifa hizi tunazichukua kwa sheria fulani, kwa kazi fulani, tutawapa ofisi hizi na hizi, na tutakaa nazo kwa muda huu.

Ridhaa ibaki mahali inapofanya kazi kweli. Picha ya mkazi kwenye jarida la halmashauri, ujumbe wa simu wa kumkumbusha mikutano, dodoso la hiari kuhusu huduma: hapo mtu akisema hapana, hapotezi chochote, na jibu lake lina uzito.

Kinachonikera si sentensi yenyewe bali kile inachoizalia ofisi. Karani akishaamini kwamba sahihi imemaliza kila kitu, hajiulizi tena pale ofisi nyingine inapoandika barua: "Tunaomba mtupatie rejista yenu." Anaona wote ni serikali, na mwananchi alishakubali, hivyo faili linaondoka.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililitazama jambo hili katika kesi ya Bara, iliyoamuliwa tarehe 1 Oktoba 2015. Mamlaka ya kodi ya Romania ilikuwa imeupelekea mfuko wa bima ya afya taarifa za mapato ya watu waliojiajiri, na mfuko ukawadai malimbikizo ya michango. Makabidhiano hayo yalifuata itifaki baina ya taasisi hizo mbili, ambayo haikuwahi kuchapishwa rasmi. Mahakama ikasema taarifa haziwezi kuhamishwa hivyo kutoka taasisi moja ya umma hadi nyingine bila wahusika kujulishwa. Taasisi zote mbili zilikuwa za serikali ileile, na hilo halikuzisaidia.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa aina inayotokea kila siku. Ofisi ya mtaa ina rejista ya wakazi 40,000, na kila mkazi ana safu wima 22: namba ya kitambulisho, jina, tarehe ya kuzaliwa, simu, mwenza, kazi, dini, ulemavu, maradhi ya kudumu, hali ya nyumba, na kadhalika. Ofisi ya ustawi wa jamii inataka kujua wazee wa miaka 70 na zaidi ambao hawajaanza kupokea posho. Barua yake inaomba "rejista ya wakazi". Karani mwenye haraka atatuma faili zima, yaani visanduku 880,000 vya taarifa, vikiwemo maradhi ya vijana wasiohusika na posho hiyo hata kidogo.

Karani makini atapiga simu aulize swali moja: mkishaipata orodha, mtafanya nayo nini hatua kwa hatua? Atajibiwa kwamba watalinganisha namba za vitambulisho na orodha yao ya wanaopokea, kisha wale wasiopatikana watafuatwa mtaani na maafisa. Basi hapo mambo yamejieleza. Wanahitaji mistari ya wenye miaka 70 na zaidi tu. Tuseme ni 1,100. Wanahitaji namba ya kitambulisho ili kulinganisha, jina ili kumtambua mtu mlangoni, na mtaa anaoishi. Simu hawahitaji, kwa kuwa watawafuata kwa miguu. Hata tarehe ya kuzaliwa haina kazi tena: kila aliyemo kwenye orodha ameshatimiza umri. Tumebaki na safu tatu na visanduku 3,300, na kazi yao inafanyika vilevile.

Swali likibadilika, jibu nalo linabadilika. Wangekuwa wanataka tu kuhakiki kama wanaopokea posho bado wako hai, wangeleta wao namba za vitambulisho, na ofisi ya mtaa ingejaza mbele ya kila namba ndiyo au hapana. Hakuna orodha mpya ambayo ingezaliwa.

Ila kupunguza safu kuna mtego wake. Watu wengi huficha safu kwa Hide wakidhani wameziondoa. Hazijaondoka. Anayepokea akibonyeza Unhide, anaziona zote. Wengine hupanga jedwali la muhtasari kwa PivotTable, wanafuta ukurasa wenye majina, wanatuma muhtasari peke yake. Excel huwa imehifadhi ndani ya faili nakala ya data iliyotumika kutengeneza muhtasari huo, na mpokeaji akibofya mara mbili kwenye jumla, mistari yote yenye majina inamwagika kwenye ukurasa mpya.

Hili ndilo lililoikuta halmashauri ya Islington, London, mwaka 2012. Iliombwa takwimu za makazi, ikajibu kwa majedwali ambayo kwa macho yalionyesha jumla tu. Majibu yakawekwa kwenye tovuti ya wazi, na ndani ya PivotTable zilikuwemo taarifa za wakazi zaidi ya 2,000, baadhi zikigusa historia ya ugonjwa wa akili na ukatili wa nyumbani. Mwaka uliofuata msimamizi wa data wa Uingereza akaitoza faini ya pauni 70,000. Hakuna mdukuzi aliyeingia popote. Mtumishi alituma faili alilodhani anaona kila kilichomo.

Dawa yake si ngumu. Fungua faili jipya kabisa. Nakili safu zile tatu tu, ukichuja kwanza na kunakili mistari inayoonekana, kisha bandika kwa Paste Special na uchague Values. Usianze na faili la zamani na kulipunguza. Kuna wanaoamini kuhifadhi kama CSV kunasafisha kila kitu. Ni kweli kurasa nyingine na PivotTable hubaki nyuma, lakini safu zilizofichwa kwenye ukurasa ulio wazi zinaandikwa zote. Kisha tazama ukubwa wa faili kabla ya kulituma. Jedwali la mistari kumi lenye uzito wa megabaiti kadhaa limebeba kitu usichokiona. Ukitaka uhakika, tengeneza nakala yake, badilisha `.xlsx` iwe `.zip`, ifungue, na uangalie ndani ya `xl` kama kuna folda ya `pivotCache` au kurasa usizozitarajia.

Kwenye kutuma, kosa ninalolisikia zaidi ni la nywila isiyolinda kitu. Protect Sheet inazuia mtu kuhariri. Haifungi data kwa usimbaji. Kinachofunga ni Encrypt with Password, au faili lililobanwa kwa programu inayotumia usimbaji wa AES-256, na nywila ipite njia nyingine, kwa mfano kwa simu. Nywila iliyoandikwa kwenye baruapepe ileile yenye faili ni mapambo. Na tafadhali, lisipite kwenye WhatsApp ya karani. Hata kama ujumbe wenyewe umesimbwa njiani, faili linabaki kwenye simu yake binafsi na kwenye hifadhi ya mtandaoni anayoitumia, na siku akihama ofisi anaondoka nalo.

Wapo wanaopendekeza namba za vitambulisho zigeuzwe kwanza kwa fomula ya hashi, inayotoa msimbo uleule kila mara kwa namba ileile, ili wapokeaji wasizijue. Kwa namba fupi, hilo linampumbaza anayetuma tu. Namba ya tarakimu nane ina uwezekano milioni 100, na kompyuta ya kawaida inaweza kuzijaribu zote ndani ya muda mfupi na kurudisha kila moja. Afadhali kusema wazi kwamba orodha ina vitambulisho, ukaifunga ipasavyo.

Najua pingamizi litakalokuja: karani hana ubavu wa kumhoji mkubwa wa ofisi nyingine anayepiga simu akitaka orodha kabla ya saa nane. Ni kweli, na ndiyo maana swali lisiwe la karani. Liwe karatasi ya ukurasa mmoja ambayo bosi wake ameshaisaini, inayosema hakuna orodha itakayotoka bila majibu ya mambo manne: sheria gani inawaruhusu, kazi gani, safu zipi, na itafutwa lini. Mwombaji anajaza, karani anaiweka kwenye faili. Itifaki ya kudumu baina ya ofisi mbili nayo ibandikwe ubaoni, ili mwananchi aisome kabla hajasikia habari zake kwa mdai wa michango.

Linalobaki gumu ni kufuta. Faili likishatoka, ofisi ya mtaa haina jicho ndani ya kompyuta za wenzao. Inachoweza kufanya ni kuandika tarehe ya kufuta kwenye daftari la utoaji, na siku hiyo ikifika kuomba uthibitisho wa maandishi. Usipokuja, ombi lao linalofuata lijibiwe kwa barua moja tu, ya kudai uthibitisho wa lile la kwanza.