Mende hajalipa nauli ila kashuka kwangu

Jamani mimi nina kesi na mende. Sizungumzii wale wakubwa wekundu wanaotoka shimo la choo usiku wanaruka hadi mtu mzima unapiga kelele kama mtoto, wale nimeshawazoea, ni majirani. Mimi nina kesi na vile vidogo, rangi ya kahawia kama chai ya maziwa, urefu kama sentimita moja na nusu hivi, ukiwa na ujasiri wa kukatazama vizuri unaona nyuma ya kichwa kana mistari miwili myeusi imeshuka kama bega la askari. Hako ndo kamenifanya nilale macho.

Ilianza hivi. Mwezi wa tatu mke wangu kafungua hotpoti asubuhi anitilie chakula, katoka kamende kamoja kwenye ule mpira wa mfuniko, kakatazama hakakimbii, yaani kama kanasema endelea mama nakusubiri. Mama Zuhura akaniangalia mimi. Sio mende, mimi! Eti "Baba Zuhura, hivi huko kazini kwenu mnakaa wapi?" Nikamwambia kazini kwetu kusafi, huyu katoka kwa Mangi na yale mayai yako. Tukanuniana siku mbili kwa ajili ya mdudu ambaye hata pango hachangii.

Sasa mimi nikiambiwa kitu natafuta ushahidi. Kuna fundi wa kupulizia dawa tunakaa naye mtaa mmoja huku Gongo la Mboto, nikamkalia barazani kwake. Akaniuliza, ni wale wakubwa au wenye mistari miwili? Nikasema mistari. Akacheka, akasema hao hawajaja wenyewe, umewabeba. Kumbe vile vidogo mabawa vinayo lakini kuruka hakuna cha maana, na kukaa nje porini haviwezi, vinaishi na watu tu, kwa hiyo ukiviona ndani ujue ama vimepita ukutani kutoka chumba cha jirani ama vimeingia na mzigo. Na jirani yangu wa chumba cha pili kahama tangu mwaka jana, chumba kitupu, hata panya wamehama. Basi nikajua kesi imebaki kati ya begi langu na trei la mayai la Mama Zuhura.

Tuanze na begi maana mimi ni mtu wa haki. Jioni napanda daladala Kariakoo, tumebanana, konda anakwambia "anko weka begi chini ya siti watu wasogee", na wewe umechoka unaweka. Hebu siku moja inama uangalie kule chini. Kuna maganda ya karanga, kuna kipande cha muhogo wa kukaanga chenye pilipili, kuna andazi la mtoto aliyeshushwa analia Vingunguti, kuna soda imemwagika ikakauka inanata. Sponji ya siti imechanika, ndani kuna uwazi, pale pembeni ya dereva mfuniko wa injini una joto la kutosha kuanguliwa vifaranga. Mende anataka nini zaidi? Giza, joto, makombo, na ufa wa kujibana, maana fundi kasema kenyewe kanapenda kaguswe mgongoni na tumboni kwa wakati mmoja ndo kanasikia raha, ufa wa unene wa sarafu unakatosha. Mimi mwenyewe kwenye hilo gari naguswa mgongoni na tumboni kwa wakati mmoja na raha siioni.

Na begi langu ndo hilo, lina hotpoti yenye mabaki ya pilau, zipu imekufa tangu mwaka juzi, foleni saa moja na nusu. Kwa mende hiyo ni hoteli imekuja kumchukua na usafiri juu.

Sasa mtu atasema kamende kamoja kana shida gani, kanyaga. Ndugu yangu. Jike la hawa linatembea na mayai yake nyuma, kama kipunje cha kunde chembamba cha kahawia kimechomoza mkiani, na ndani ya kile kipunje mna mayai 30 mpaka 40. Yule mkubwa wa chooni anaangusha kifuko chake popote anaondoka, huyu mdogo anakibeba wiki tatu mpaka siku yanakaribia kuanguliwa. Kwa hiyo kakipanda kajike kamoja kwenye begi lako pale Buguruni, wewe umepandisha familia nzima kwa nauli ya mtu mmoja. Na kwa joto hili la Dar wale watoto baada ya miezi miwili na kitu nao ni wazazi. Mimi nimemwona wa kwanza mwezi wa tatu, mwezi wa sita ukiwasha taa jikoni saa nane usiku ukuta unahama.

Tukarudi kwa Mangi sasa, maana nilisema mimi ni mtu wa haki. Duka la Mangi ni dogo, friji la soda linanguruma, nyuma ya friji kwenye mota pale hakufagiliwi tangu limeletwa. Maboksi yamepangwa mpaka darini, na boksi lile la mawimbi mawimbi ndani, kila wimbi ni chumba kimoja choo ndani. Matrei ya mayai ya karatasi ndo usiseme, yanatoka bandani kwa kuku, yanaenda dukani, yanarudi bandani, yanaenda duka lingine, mwaka mzima yanazunguka kuliko hata mimi. Ukiona kwenye trei vidoa vyeusi kama unga wa kahawa vimejazana kwenye pembe, huo ni uchafu wao, na fundi anasema harufu ya ule uchafu inawaita wenzao, njooni hapa pazuri.

Nikafanya jaribio. Nikanunua zile karatasi za gundi za panya, nikazikata vipande. Nikatafuta ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko, ndani chini kidogo ya ukingo nikapaka mafuta ya mgando, mkanda wa vidole vitatu kuzunguka, maana hawa wanapanda hata plastiki na kioo lakini mafuta miguu inateleza wanarudi chini. Ndoo moja nikaweka begi langu limetoka kwenye daladala, nyingine nikaweka trei la Mama Zuhura bila mayai, kila moja na kipande cha gundi. Nikafunika, nikaacha barazani mpaka asubuhi. Mama Zuhura akaniuliza unafanya nini, nikasema mahakama imekaa.

Asubuhi tukafungua pamoja. Ndoo ya trei: kwenye gundi vitoto vinne na kimoja kikubwa. Nikaanza kucheza pale barazani jamani, nikacheza! Tukafungua ya begi. Jike moja. Limenasa, na kipunje nyuma. Mama Zuhura hakusema neno, kaingia ndani kaendelea kusonga ugali, na kimya chake nakijua.

Toka siku hiyo tukakubaliana bila kuandikiana. Mayai tunaenda na bakuli letu la plastiki lenye mfuniko, Mangi anahesabu anatuwekea, trei linabaki kwake na baraka zake. Mwanzo alinuna akasema "bosi unanidharau?", nikamwambia Mangi mke wangu ana mashaka na mimi, sio na wewe, akanielewa haraka sana. Boksi lolote halivuki kizingiti, vitu vinatolewa barazani, boksi linaenda jalalani siku hiyo hiyo, sio lile la "acha litafaa kuwekea viatu".

Begi nimenunua jipya la zipu nzima, na kwenye daladala nalipakata, konda akisema weka chini najifanya sisikii. Hotpoti naisuuza kazini kabla ya kutoka. Nikifika silipeleki kitandani kama zamani, linaingia kwenye ile ndoo ya barazani linalala humo, na Jumamosi nalimwaga lote kwenye sakafu nyeupe ya saruji mchana, nageuza mifuko ndani nje, napigapiga mishono, maana mchana wakishtuliwa wanakimbia unawaona. Begi la shule la Zuhura ni la kitambaa, hilo linaoshwa na maji ya moto kabisa, yale ya kusongea ugali, hayabakizi mtu wala yai.

Waliokuwa ndani tayari ndo walinitesa. Mimi na akili yangu nilianza na chaki ile wanayouza machinga, nikachora jikoni kama mwalimu wa hesabu, wakahamia chumbani. Nikapuliza dawa ya kopo, wakatawanyika, na jike akipulizwa kumbe kile kifuko kinayakinga mayai, kama yalishakaribia yanaanguliwa mama amekufa. Fundi akaniambia acha fujo, nunua jeli ya mende ya bomba. Unaweka vidoa vidogo kama punje ya mchele, vingi, karibu wanapokaa, nyuma ya friji karibu na mota, kwenye bawaba za kabati, chini ya meza ya jiko, mbali na mikono ya watoto na vyombo. Anakula, anaenda kufia nyumbani kwao, wenzake wanakula kinyesi chake na maiti yake nao wanafuata. Msiba na pilau papo hapo.

Siku ya tatu wameanza kupungua nimefurahi, narudi jioni nyumba inanuka dawa ya kopo. Mama Zuhura kapuliza juu ya jeli yangu yote, eti "nimekusaidia". Mende akisikia ile harufu jeli haigusi tena! Nikafuta, nikasubiri, nikaweka upya, na ikabidi nirudie tena baada ya wiki tatu kwa ajili ya walioanguliwa nyuma. Lakini mwezi wa nane kwenye gundi kamenasa kamoja wiki nzima, na wiki iliyofuata hakuna kitu.

Sasa juzi Jumapili napigiwa simu, mama mkwe kashuka stendi, anatoka Korogwe. Nimemfuata, kaja na mabegi matatu, kapu, salfeti la viazi, na boksi, tena boksi la mawimbi, limefungwa kamba ya katani, na juu ya boksi trei la mayai ya kienyeji kaniletea mimi mkwewe. Njia nzima yamekaa chini ya siti ya daladala.

Tukafika barazani. Shikamoo nimeshatoa, mizigo ipo mlangoni, Mama Zuhura ananiangalia kwa jicho la kesi, na mimi nimesimama nimeshika ile ndoo.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "hiyo ndoo ya nini?"

Nikasema, "Ya kunawia miguu mama, karibu."

Kavua viatu, katumbukiza miguu kwenye mafuta ya mgando.