Mwaka unaoanza Julai: usukume miezi ama uandike robo moja moja?

"Naweka hesabu za mradi wa maji hapa Nakuru na mwaka wetu wa fedha unaanza Julai. Nataka nikiandika tarehe Excel iniambie ni robo ya ngapi na mwaka gani wa fedha. Jamaa mmoja ananiambia nisukume tarehe miezi sita mbele, mwingine anasema niandike tu kila mwezi na robo yake. Nifuate nani?"

Wote wawili watakufikisha, ila kila mmoja ana shimo lake njiani na mimi nimeingia yote mawili.

Huyo wa kusukuma ana akili. Ukiongeza miezi sita Julai inageuka Januari na Juni inageuka Desemba, kwa hivyo mwaka wa fedha unalala juu ya mwaka wa kalenda na kazi imekuwa rahisi. Ya kwanza ni robo, ya pili ni mwaka unaoishia:

```
=ROUNDUP(MONTH(EDATE(A2,6))/3,0)
=YEAR(EDATE(A2,6))
```

Chukua 14 Februari 2026. Miezi sita mbele ni 14 Agosti 2026, mwezi wa 8, gawanya kwa 3 unapata mbili na kitu, pandisha juu ni 3. Basi ni robo ya tatu ya mwaka unaoishia 2026, ile serikali yetu inaandika 2025/26.

Ubaya wake ni kwamba mtu akiikuta haoni inafanya nini, na asichokielewa atakichokora. Ofisi moja nilikuwa nafanya Kisumu kuna mtu alitoa EDATE akaweka `A2+184`, eti Julai hadi Desemba ni siku 184 so ni kitu kimoja. Si kimoja, juu Januari hadi Juni ni siku 181 (182 mwaka ukiwa mrefu), kwa hivyo malipo ya 30 Desemba 2025 yakaruka hadi 2 Julai 2026 yakaingia robo ya tatu badala ya pili. Na mwaka ulikuwa unatoka sawa kabisa! Ndiyo maana hakuna mtu alishtuka hadi jumla za robo zikakataa kulingana na za benki, na ukitafuta unakuta ni tarehe za mwisho mwisho wa robo tu ndizo zimehama.

Sasa huyu wa pili:

```
=CHOOSE(MONTH(A2),3,3,3,4,4,4,1,1,1,2,2,2)
```

Hii hata mkaguzi asiyependa kompyuta anaisoma kwa kidole: Januari 3, Julai 1, Desemba 2. Lakini inakupa robo peke yake, na hapo watu wanachukua `YEAR(A2)` wanabandika kando wanadhani wamemaliza. Angalia: 20 Agosti 2025 inakuwa "2025 robo 1" na 20 Februari 2026 inakuwa "2026 robo 3", kumbe zote ni za 2025/26, umepasua mwaka mmoja vipande viwili. Mwaka lazima uulize kama mwezi umefika wa saba:

```
=YEAR(A2)+(MONTH(A2)>=7)
```

Hiyo mabano ikiwa kweli inaongeza 1, ikiwa si kweli inaongeza 0.

Mimi ningeenda na CHOOSE kwa robo na hii ya mwaka kando yake. EDATE ni fupi na nikiwa peke yangu naitumia, lakini shiti ya mradi inapitia mikono mingi. Halafu andika "2025/26" kwa ukamilifu, usiandike 2025 pekee, juu kuna wanaoita mwaka kwa mwanzo wake na kuna wanaouita kwa mwisho, mkibishana hamtaisha.

Lakini kuna kitu hao majamaa wako wote hawajakuambia, na kwangu ni kikubwa kuliko ubishi wao. Ukiandika 07/06/2026 ukimaanisha tarehe saba Juni, na kompyuta imewekwa mtindo wa Marekani, itasoma 6 Julai. Yaani kutoka robo ya nne ya 2025/26 umerukia robo ya kwanza ya 2026/27, mwaka mwingine kabisa wa bajeti, na fomula yoyote ile hapo haina makosa. Tarehe zilizopita 12 utazitambua, kama 14/02/2026, kwa sababu hakuna mwezi wa 14 so inabaki maandishi tu na inakaa upande wa kushoto wa seli. Hizo za 1 hadi 12 zinapita kimya. Ukiona kwenye safu moja zingine zimekaa kushoto zingine kulia, simama hapo hapo kwanza, jaribu `=ISNUMBER(A2)`, halafu hata zile zimejibu TRUE zifungue moja moja ulinganishe na risiti.