Maumivu ya kifua na sindano ya kuyeyusha damu: hoja ya kungoja na hoja ya kutongoja

Mwaka 2003 mwigizaji wa Marekani John Ritter alifariki kwa kuchanika kwa aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, saa chache baada ya kupokelewa hospitalini na kutibiwa kama mgonjwa wa mshtuko wa moyo. Familia yake ilidai mahakamani kwamba eksirei ya kifua ingeonyesha tatizo. Upande wa utetezi ulijibu kwamba dalili zote zilielekeza kwenye moyo na kwamba hapakuwa na muda wa kungoja. Mwaka 2008 jopo la raia liliwaondolea lawama madaktari wawili walioshtakiwa, lakini swali lenyewe linarudi katika kila chumba cha dharura ambako mgonjwa anashika kifua na dakika zinahesabiwa.

Wanaotetea haraka wana hoja nzito. Katika mshtuko wa moyo, damu iliyoganda huziba mshipa unaolisha msuli wa moyo, na msuli huo huendelea kufa kadiri damu isivyopita. Ndiyo maana pasipo na huduma ya kuzibua mshipa kwa mpira mwembamba, mwongozo hutaka dawa ya kuyeyusha damu, kama vile streptokinezi au alteplezi, itolewe ndani ya dakika 30 baada ya mgonjwa kufika hospitalini, kipimo cha umeme wa moyo kikithibitisha tatizo. Isitoshe, miongoni mwa wagonjwa wenye picha hiyo ya umeme, wenye aota iliyochanika hawafiki hata mmoja kati ya mia. Kumchelewesha kila mgonjwa kwa ajili ya huyo mmoja nako kunaua.

Tatizo ni kwamba huyo mmoja, dawa hiyo humdhuru moja kwa moja. Ukuta wa aota una tabaka tatu. Tabaka la ndani likipasuka, damu hujipenyeza ukutani kwa nguvu ya kila pigo na kutengeneza njia bandia. Mara nyingi kinachozuia maafa ni tabaka jembamba la nje pamoja na damu iliyoanza kuganda ndani ya njia hiyo. Dawa ikiyeyusha kizuizi hicho, damu inaweza kumwagika ndani ya mfuko unaozunguka moyo na kuukaba hadi ushindwe kujaa. Tena, daktari wa upasuaji, ambaye ndiye tumaini la mgonjwa aliyechanika aota karibu na moyo, atampokea mtu ambaye damu yake haigandi.

Tuchukue mfano wa mwanamume wa miaka 58 aliyeacha dawa za shinikizo la damu. Maumivu yalimpata ghafla akiinua gunia, yakawa makali kupita kiasi tangu sekunde ya kwanza, akayaeleza kama kitu kinachoraruka kifuani, kisha yakahamia katikati ya mabega. Maumivu ya mshtuko wa moyo kwa kawaida huja kama uzito unaokandamiza na kuongezeka kwa dakika kadhaa, yakielekea taya au mkono. Hata hivyo, kipimo chake cha umeme kinaonyesha mshtuko wa sehemu ya chini ya moyo, na hapa ndipo mtego ulipo: mpasuko unaweza kurudi nyuma hadi kwenye mdomo wa mshipa wa moyo wa kulia na kuufunika. Mshtuko huo ni wa kweli, ila kilichoziba ni ukuta wa aota wenyewe, na dawa haina cha kuyeyusha.

Nesi anapima shinikizo mikono yote miwili: kulia 170, kushoto 125. Tofauti inayozidi 20 ni onyo. Eko ya kitandani, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ikiwepo, inaweza kuonyesha mzizi wa aota uliopanuka au maji kuzunguka moyo. Kwa maoni yangu sindano hapa isimamishwe, pamoja na heparini inayozuia damu kuganda, mgonjwa apewe mofini ya kutuliza maumivu, na labetaloli ya mshipani ili mapigo yashuke chini ya 60 na shinikizo la juu lifike kati ya 100 na 120, iwapo hali yake inaruhusu, huku akipelekwa penye siti skani na upasuaji wa moyo.

Nakiri kwamba kichujio hiki kina matundu. Wapo wenye mpasuko ambao mikono yao haionyeshi tofauti yoyote, eksirei yao haina kasoro, na wachache hawahisi maumivu kabisa. Lakini kuuliza maumivu yalianzaje na kufunga kipimo cha shinikizo mkono wa pili huchukua dakika tatu hivi, nazo zinaingia ndani ya zile 30. Asiyeonyesha ishara yoyote apewe dawa bila kusita. Anayeionyesha ndiye wa kungojewa, hata kama picha ya umeme inashawishi kiasi gani.