Fundi wa pili wa stima aliyeokoa siku moja tu

Tuseme mtu amekodi chumba Umoja akifungue kama duka la mikate. Ana siku 2 za kubomoa ya zamani na kuondoa vifusi, siku 4 za nyaya za stima, siku 3 za mabomba, siku 3 za plasta, siku 7 ambazo plasta inaachwa ikauke, siku 2 za rangi, na siku 2 za kufunga oveni na kuijaribu. Oveni yenyewe inatengenezwa na mafundi wa jua kali Kamukunji, na tangu aweke oda wanahitaji siku 14.

Ukijumlisha zote unapata 37, na mwenye duka anashtuka. Lakini kazi hazipangani foleni moja. Swali la kuuliza kwa kila moja ni fupi: haiwezi kuanza mpaka ipi iishe? Stima na mabomba zinasubiri kubomoa, basi, na zinaweza kwenda pamoja. Plasta inasubiri zote mbili, maana mabomba na nyaya hupita ndani ya ukuta. Rangi inasubiri plasta ikauke. Oveni haisubiri chochote ila pesa ya oda. Kuifunga ndiko kunakosubiri mambo mawili: rangi iishe na oveni ifike.

Sasa chora mshale kutoka kila kazi kwenda ile inayoisubiri, kisha tembea na kalenda. Kubomoa kunaisha siku ya 2, stima ya 6, mabomba ya 5. Plasta haiwezi kufuata mabomba, inafuata aliyechelewa, kwa hiyo inaisha siku ya 9, inakauka mpaka ya 16, rangi ya 18, oveni imefungwa siku ya 20. Mnyororo huo, kubomoa, stima, plasta, kukauka, rangi, kufunga, ndio mrefu kuliko yote, na ndio wapangaji wa miradi huuita njia muhimu. Siku moja ikipotea humo, ufunguzi unasogea siku moja. Mabomba yana siku 1 ya kuchezea, na oveni, ikiagizwa mwanzoni ikafika siku ya 14, ina 4.

Wanaoitetea mbinu hii husema inakuonyesha mahali pa kumwaga pesa, na hapo wana haki. Watu wengi, kazi ikichelewa, huongeza mikono kila mahali. Lakini ukiajiri fundi wa pili wa stima na siku 4 zikawa 2, hupati siku 2. Stima itaisha siku ya 4, mabomba bado ni ya 5, na plasta inasubiri mabomba. Umelipa ujira wa fundi mzima kwa siku 1, na sasa mabomba yameingia kwenye njia muhimu, stima imetoka. Ukitaka kushuka zaidi, lazima uharakishe mabomba nayo. Kukauka, kwa upande wake, hakununuliki kwa mikono. Mwezi wa Aprili mvua zikikaza, siku 7 huenda zisitoshe hata uwe na mafundi kumi.

Wapinzani, ambao wengi wao ni mafundi wenyewe, hucheka mchoro huu. Mimi niliwahi kudhani ni ukaidi tu, lakini wana hoja nzito. Mchoro unasema stima na mabomba zinakwenda pamoja. Je, ikiwa fundi ni yuleyule mmoja, kama ilivyo kawaida mitaani? Hapo hakuna kinachozuia mabomba isipokuwa mikono yake, ila hiyo inatosha: anamaliza stima siku ya 6, mabomba siku ya 9, plasta ya 12, na oveni inafungwa siku ya 23. Siku 3 zimepotea bila mtu yeyote kuchelewa. Mshale ambao haukuchorwa ndio uliozila.

Hoja yao ya pili ni kwamba muda wenyewe ni makisio. Fundi wa Kamukunji akisema siku 14, kisha "kesho" ikarudiwa mara 6, oveni inafika siku ya 20. Siku zake 4 zimeliwa, mbili zaidi zimepita, na njia muhimu imehama: sasa inapita Kamukunji, na duka linafunguka siku ya 22. Aliyeuchora mchoro mara moja na kuubandika ukutani bado anamsukuma fundi wa rangi.

Mimi naegemea upande wa mchoro, kwa masharti mawili. Uchorwe na jina la mtu mbele ya kila kazi, siyo kazi peke yake, na upigiwe hesabu upya kila Jumatatu kwa tarehe zilizotokea kweli. Katika mfano huu, kazi ya Jumatatu ya kwanza isingekuwa kumsimamia fundi wa stima pekee. Ingekuwa pia nauli ya kwenda Kamukunji kuona kama mabati ya oveni yamekatwa.