Mshahara umeingia, rejesho la SACCOS halijakatwa

"Benki imehamia mfumo mpya na kutubadilishia namba za akaunti. Mshahara umeingia, salio lipo, mbona rejesho la SACCOS halijakatwa?"

Ndugu wa Makambako, mara nyingi namba ya zamani ya akaunti huelekezwa kwenye mpya kwa pesa zinazoingia tu, ndiyo maana mshahara umefika. Agizo la kudumu la kutoa limebaki kwenye akaunti ambayo mfumo mpya hauitambui. Rejesho la mwezi huu lipa kaunta, tunza risiti. Kabla ya kujaza fomu mpya, dai uthibitisho wa maandishi kwamba agizo la zamani limefutwa. Likifufuka, utakatwa mara mbili. Mhasibu wenu naye akague orodha ya makato anayoituma benki: Ekseli hula sifuri ya mbele ya namba ya akaunti, 0152… inakuwa 152…, na benki inaurudisha mstari huo kama akaunti isiyopo.