Doti ya Kumuagia Mama wa Stoo

Siku yangu ya mwisho kazini nilimtukana bosi wangu mbele ya watu 14, kwa herufi kubwa, mara mbili. Mdomo wangu haukutoa neno. Maneno yalikuwa kwenye kanga, na kanga ni doti, vipande viwili, ndiyo maana mara mbili.

Bosi mwenyewe tulimwita Mama, basi. Alikuwa msimamizi wa stoo kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam, na mimi karani wake. Nilipopata kazi kwingine nikaandika notisi ya siku 28, ile ya mtu anayelipwa kwa mwezi, na siku zote hizo kichwani mwangu lilikuwa jambo moja: nimuage na nini? Maana mwaka ule, kama si yeye, ningeagwa mimi, tena getini, katikati ya askari wawili.

Kisa kilikuwa nondo. Uliingia mzigo wa tani mbili za nondo za milimita 12, na kabla hata moja haijauzwa wakaja wakaguzi kuhesabu mali. Kompyuta inasema 270. Sakafuni 187. Nondo 83 hazipo, na aliyepokea ni mimi. Wakubwa wakaniuliza kwa upole kabisa kama kuna mahali najenga. Na kweli nilikuwa najenga, chumba na sebule Mbagala, kwa hiyo hata kabla sijajibu uso ulikuwa umeshakiri.

Mama hakunitetea kwa mdomo. Alisema tu, "Leteni nondo moja na mizani." Nondo ina urefu wa mita 12, mizani yetu ni ya kupimia misumari, basi ikalala pale juu imening'inia huku na huku, watu wawili wanaisawazisha bila kuikandamiza. Ikasoma kilo kumi na nusu na ushee. Akachukua kikokotoo. Kanuni yake ni ile wanayoijua mafundi wa zege: chukua kipenyo kwa milimita, zidisha chenyewe kwa chenyewe, gawanya kwa 162, unapata kilo za mita moja. Kumi na mbili mara kumi na mbili ni 144; gawanya kwa 162, ni 0.889. Zidisha kwa mita 12, nondo moja ina kilo 10.67. Tani mbili basi ni nondo 187, na kipande kinabaki.

"Sasa 270 imetoka wapi?" akaniuliza. Sikujua. Akapiga tena hesabu ileile kwa nondo ya milimita 10: kilo 7.4 kwa moja, tani moja ni nondo 135. Mara mbili? 270. Kumbe mzigo tunaupokea kwa tani na kuuuza kwa nondo mojamoja, na siku ile nilipoingiza kwenye mfumo nilinakili mstari wa juu yake, ule wa milimita 10. Hakuna nondo iliyoibiwa. Nondo 83 zilizaliwa kwenye kompyuta na kufia humohumo.

Wakaguzi wakafunga madaftari. Mama akanibakisha mpaka saa mbili usiku, na kwa miezi iliyofuata kila mzigo ulipoingia alisimama nyuma yangu. "Mwanangu, karatasi haina nondo. Fungua mzigo." Boksi la bawaba lilipoandikwa dazeni mbili, nililipasua nikahesabu. Rangi iliposemwa ni nyeupe, nilifungua kopo. Na kulikuwa na moja aliyoisema kila wiki: "Sampuli ni ya kumuonyesha mteja. Usipokee mzigo kwa sampuli."

Tunakwenda Kariakoo.

Kumchagulia mtu mzima kanga ni kazi. Pindo na mji unaweza kuvipenda kwa jicho, lakini jina, yale maneno ya chini, ndiyo barua yenyewe, na atakayeivaa ndiye atakayeulizwa imetoka kwa nani. Nilizunguka maduka manne. Nyingine zilikuwa za mapenzi, nikaziogopa. Nyingine za kumsema jirani. Mwishowe nikaona moja imetundikwa juu, pindo la zambarau, mji wenye korosho za njano, na jina lake WEMA HAUOZI. Nikalisoma mara mbili, herufi kwa herufi. Nikamwambia muuzaji nipe hiyo.

Muuzaji hakuishusha ile ya juu. Aliinama chini ya meza, akachomoa doti nyingine kwenye robota, zambarau ileile, korosho zilezile, imekunjwa ndani ya nailoni. Nikalipa nikaondoka.

Anayejua kanga ameshaona shimo liko wapi. Mchoro mmoja hutoka na majina tofauti: pindo lilelile, mji uleule, maneno mengine. Ukitaka kujua umepewa lipi, kunjua mpaka ulione jina. Hakuna njia nyingine, na mimi nilikuwa nimefundishwa hivyo mwaka mzima, kwa bawaba.

Doti huja vipande viwili vimeungana, kwa hiyo nikaipitisha kwa fundi cherehani anayekaa mkabala na stoo yetu, aikate katikati na kukunja pindo zile ncha zenye nyuzi. Akashona, akapiga pasi, akakunja vizuri jina likiwa ndani. Akanitazama kidogo. Nikadhani anasubiri hela, nikampa.

Jioni, soda na sambusa. Nikasimama nikaeleza kisa cha nondo, watu wakacheka, Mama akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Nikampa. Wanawake wawili wa mauzo wakashika kila mmoja kipande chake, wakakunjua kwa vigelegele. Vigelegele vilikatika njiani.

NILIDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU.

Kulia, na kushoto.

Dereva wa lori akasoma kwa sauti, kwa wale waliokuwa nyuma. Mimi nikaanza kueleza habari za zambarau na korosho, lakini kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mtu aliyepanga. Fundi cherehani, aliyekuwa amevuka barabara kufuata sambusa, akasema, "Mimi nilijua mna ugomvi."

Mama akasoma kipande cha kwanza. Akasoma cha pili, kana kwamba huenda kina marekebisho. Kisha akaniuliza, taratibu: "Ulifungua mzigo?"

"Sikufungua, Mama."

"Ulipokea kwa nini?"

"Kwa sampuli."

Akavuta droo, akatoa fomu ya kurudisha mzigo. Akaijaza yote. Bidhaa: kanga. Idadi: doti moja. Sababu: maneno hayalingani na sampuli. Akanipa kalamu nikasaini kama mpokeaji, na hiyo ndiyo karatasi ya mwisho niliyosaini pale. Kurudisha kwenyewe haikuwezekana. Kanga ikishakatwa na kushonwa hakuna wa kuipokea. Chini akaongeza kwa mkono wake: imebaki stoo.

Kisha akachukua kipande kimoja, akajifunga kiunoni juu ya gauni, jina likakaa vizuri kabisa nyuma, akaenda kugawa soda. Cha pili akanirushia. "Doti huvaliwa na wawili, mwanangu. Mpelekee mkwe wangu."

Nikampelekea mke wangu. Yeye alikikunjua kabla sijavua viatu, akasoma, akanyamaza, akasoma tena.

"Na kipande cha pili," akauliza, "kavaa nani?"